Nguzo inayosukumwa ubavuni inapinda kuliko hesabu: dalili, visababishi na namna ya kupima

Nguzo nyingi hubeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Juu zinagandamizwa na mzigo wa jengo au mtambo, na ubavuni zinasukumwa na upepo, udongo au maji. Kosa linaloleta matatizo karibu yote yaliyomo humu ni moja: mtu anakokotoa mgandamizo peke yake, anakokotoa mzigo wa ubavuni peke yake, kisha anajumlisha majibu. Jumla hiyo hutoka pungufu kila mara, na upungufu wake hukua kadiri mgandamizo unavyokaribia mzigo wa kujikunja, yaani ule ambao nguzo ingekimbilia kando hata bila kusukumwa na kitu.

Tutatumia nguzo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni bomba la mraba la chuma, milimita 100 kwa 100, ukuta wa milimita 5, urefu wa mita 5, limesimama wima na limefungwa kwa pini juu na chini, na ncha zote mbili zimezuiwa zisiyumbe. Ubavuni kuna mzigo uliotandazwa sawasawa wa 1.5 kN kwa kila mita. Tukipuuza mviringo wa pembe, momenti ya pili ya eneo ni mm⁴ milioni 2.87 na eneo la chuma ni mm² 1,900. Moduli ya Young tunaichukua kuwa MPa 200,000, na kikomo cha unyumbufu cha chuma hiki ni MPa 235. Hesabu zinazohitajika ni hizi:

```
Pe = π² · E · I / L²
kizidishi = 1 / (1 − P/Pe)
δ = δ0 · kizidishi
M = M0 + P · δ
```

P ni mgandamizo, Pe ni mzigo wa kujikunja, δ0 ni mpindo wa katikati unaoletwa na mzigo wa ubavuni peke yake, na M0 ni momenti yake ya kupinda. Kwa nguzo yetu Pe ni 226 kN, δ0 ni milimita 21.3 na M0 ni 4.69 kNm.

Dalili ya kwanza: mpindo uliopimwa unazidi uliokokotolewa, ila nguzo ni nzima

Tuseme mgandamizo ni 90 kN. Hesabu ya kawaida ya boriti inasema milimita 21, lakini ukivuta uzi kutoka pini ya juu hadi ya chini na kupima pengo la katikati kwa rula, unakuta 35. Fundi atasema chuma ni kibovu, msimamizi atasema rula imeshikwa vibaya. Mara nyingi wote wawili wamekosea, kwa sababu 35 ndilo jibu sahihi.

Fuata kinachotokea hatua kwa hatua. Mzigo wa ubavuni unaipinda nguzo milimita 21.3. Sasa ule mgandamizo wa 90 kN haupiti tena katikati ya chuma pale kati. Umeachwa nje kwa milimita 21.3, kwa hiyo unazaa momenti mpya ya 90 × 0.0213, yaani 1.92 kNm. Momenti hiyo inaongeza mpindo. Unaongeza kiasi gani? Unaongeza sehemu ya P/Pe ya mpindo uliopo, na hapa 90/226 ni karibu 0.40. Basi zinaingia milimita 8.5. Hizo nazo zinausogeza mgandamizo mbali zaidi na kuleta 3.4 nyingine, kisha 1.3, kisha 0.5, mpaka nyongeza inakuwa ndogo mno kupimika. Jumlisha zote upate milimita 35.4. Hicho kizidishi cha 1/(1 − P/Pe) si kingine ila jumla ya mfululizo huo, ambao kila nyongeza yake ni sehemu ileile ya iliyoitangulia.

Ukishauona hivyo, huhitaji kukariri kwa nini mambo huharibika karibu na Pe. Kwa 150 kN sehemu hiyo ni 0.66, na nyongeza zinakwenda 21.3, 14.1, 9.4, 6.2, 4.1 na kuendelea, hadi jumla inafika milimita 63. Kwa 226 kN kila nyongeza ni sawa na iliyotangulia, 21.3 juu ya 21.3, na mfululizo hauna mwisho. Ndiyo maana ya kujikunja: chuma hakijavunjika, ila kila kinapopinda kidogo kinazalisha sababu ya kupinda tena kwa kiasi kilekile.

Momenti nayo inafuata mkondo huohuo. Kwa 90 kN, M = 4.69 + 90 × 0.0354 = 7.87 kNm. Hesabu kamili ya mlinganyo wa mpindo inatoa 7.87 vilevile, kwa hiyo njia hii fupi inatosha kabisa kwa kazi ya kila siku. Wapo wanaozidisha M0 moja kwa moja kwa kizidishi. Wao watapata 7.78, pungufu kwa asilimia moja hivi, na hakuna wa kugombana nao.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu chuma, zidisha mpindo wako wa karatasini kwa kizidishi. Ukilingana na kipimo, nguzo haina ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye karatasi.

Dalili ya pili: mkazo kwenye karatasi ni salama, lakini nguzo imepinda na haikurudi

Hii ndiyo ya hatari, na inawakuta watu makini pia. Chukua 150 kN. Anayejumlisha majibu mawili anapata mkazo wa mgandamizo wa MPa 79 na mkazo wa kupinda wa MPa 82, jumla 161. Kikomo ni 235. Anaandika “salama” na kwenda zake.

Mkazo halisi wa hesabu ya unyumbufu kwa mzigo huo ni MPa 326. Kwa maneno mengine nguzo haifiki huko ikiwa nzima. Inaanza kupita kikomo mapema, kwenye 118 kN hivi, na ikishapita, ukiondoa mzigo inabaki na kibiongo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mkazo hauendi sambamba na mzigo. Rudi kwenye 90 kN, ambapo mkazo halisi ni MPa 185. Ukigawanya 235 kwa 185 unapata 1.27, na utajiambia kwamba mizigo ikiongezeka kwa robo bado uko salama. Haiko hivyo. Ongeza mgandamizo na upepo pamoja kwa asilimia 16 au 17 tu na kikomo kimefikiwa, kwa sababu kizidishi chenyewe kimepanda kutoka 1.66 hadi karibu 1.86. Anayejumlisha kienyeji yeye anaamini ana 1.82. Kwa nguzo za aina hii nafasi ya usalama iwekwe kwenye mizigo, kisha mkazo ukokotolewe kwa mizigo iliyokwisha kuzidishwa. Ukikokotoa mkazo kwanza na kuugawanya baadaye, umejidanganya kwa nafasi ambayo haipo.

Kuna nusu moja ya habari hii ambayo ni nafuu. Mgandamizo ukiwa umesimama palepale, mizigo ya ubavuni yenyewe kwa yenyewe inajumlika bila shida: upepo ukiongezeka mara mbili, mpindo na momenti vinaongezeka mara mbili. Kinachovunja ujumlishaji ni kubadilika kwa P.

Ukikuta nguzo imepinda na hujui kama imepita kikomo, ondoa mgandamizo na mzigo wa ubavuni, kisha pima upya kwa uzi. Ikirudi kwenye mstari wake wa awali, bado iko ndani ya unyumbufu. Ikibaki na kibiongo ambacho hakikuwapo, chuma kimeshapita kikomo upande wa ndani wa mpindo, ambako mgandamizo na kupinda vinasukuma pamoja. Tazama rangi au kutu ya upande huo katikati ya urefu: mara nyingi hupasuka na kubanduka kwa mistari kabla ya jicho kuona chuma kimebadilika. Usiinyooshe nguzo kama hiyo kwa jeki na kuirudishia mzigo uleule. Hata ikinyooka, utakuwa umeacha mikazo imejifungia ndani.

Dalili ya tatu: hata baada ya kutumia kizidishi, kipimo bado kinazidi

Hapa ndipo kazi ya upelelezi ilipo. Washukiwa ni wanne: chuma ni chembamba kuliko kilichoandikwa, urefu ni mkubwa kuliko ulioandikwa, nguzo ilikuja imepinda tangu mwanzo, au mgandamizo hauketi katikati. Wote wanaongeza mpindo, kwa hiyo kipimo kimoja hakiwezi kuwatenganisha. Unahitaji vipimo vya hatua kadhaa za mgandamizo.

Njia tunayoiamini ni ya Richard Southwell, ya mwaka 1932. Uzuri wake ni kwamba inakupa mzigo wa kujikunja wa nguzo iliyo mbele yako bila kuifikisha huko. Pima kwanza kwa uzi nguzo ikiwa haina mzigo wowote, kisha weka mzigo wa ubavuni wote, bila mgandamizo. Pima tena na uandike tofauti ya vipimo viwili, kisha iweke geji ya saa kwenye sifuri. Sasa ongeza mgandamizo kwa hatua, na kila hatua soma mpindo ulioongezeka, tuuite d. Mzigo wa ubavuni usiguswe mpaka mwisho, la sivyo vipimo vyote havina maana. Ukichora d/P dhidi ya d, nukta zinapaswa kukaa kwenye mstari ulionyooka, na Pe ni moja gawanya kwa mwinamo wa mstari huo.

Tuseme nguzo yetu imetoa haya. Mpindo chini ya mzigo wa ubavuni peke yake: milimita 26, badala ya 21.3 zilizotarajiwa. Kisha:

```
P (kN)    d (mm)    d/P
30        5.0       0.1667
50        9.5       0.1900
70        15.5      0.2214
```

Kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho, d imeongezeka 10.5 na d/P imeongezeka 0.0547. Gawanya 10.5 kwa 0.0547 upate Pe ya 192 kN. Tulitarajia 226. Nguzo hii ina asilimia 85 tu ya uwezo wake wa karatasini.

Sasa wahoji washukiwa mmojammoja. Mstari unatoa kitu kingine pia, yaani mpindo wa mwanzo ambao mgandamizo uliukuta: chukua d/P ya nukta yoyote, zidisha kwa Pe, toa d. Kwa nukta ya kwanza ni 0.1667 × 192 − 5.0, sawa na milimita 27. Tulipima 26 kwa uzi. Tofauti ya milimita moja ni ya mkono na rula. Kama nguzo ingekuwa imekuja na kibiongo cha tangu kiwandani, au mgandamizo ungekuwa umekaa pembeni, namba hii ingezidi ya uzi kwa wazi, kwa sababu uzi ulipima nyongeza ya mzigo wa ubavuni tu, ilhali mgandamizo unakuza kila kupinda unakokukuta. Washukiwa wawili wa mwisho wameachiwa. Angalizo moja: kibiongo kikielekea upande ulio kinyume na msukumo, namba inashuka badala ya kupanda, kwa hiyo tazama tofauti ya pande zote mbili.

Wamebaki chuma chembamba na urefu. Hawa wanatenganishwa na hesabu ndogo nzuri. Ukakamavu wa chuma ukipungua, Pe inashuka kwa kiwango kilekile ambacho δ0 inapanda. Urefu ukizidi, Pe inashuka kwa mraba wa urefu, lakini δ0 inapanda kwa kipeo cha nne. Kwa hiyo Pe ikiwa 0.85 ya matarajio, kosa la ukakamavu lingetoa δ0 ya 21.3 ÷ 0.85, yaani milimita 25. Kosa la urefu lingetoa 21.3 ÷ 0.85², yaani milimita 29 na nusu. Tulipima 26. Mshitakiwa ni chuma, na hata hivyo urefu ungehitaji kuzidi kwa zaidi ya sentimita 40 ili kuleta upungufu huu, jambo ambalo futi ya kawaida ingeliona.

Chukua kalipa upime ukuta wa bomba kwenye ncha iliyokatwa. Ukikuta milimita 4 badala ya 5, kila kitu kinakaa mahali pake: Pe ya ukuta huo ni 187 kN na δ0 ni milimita 25.8. Tofauti kati ya 187 na 192 ni usahihi wa kawaida wa njia hii kwa geji inayosomwa kwa nusu milimita.

Na hiyo milimita moja ina uzito gani? Kwa 90 kN, ukuta wa 5 ulikuwa na mkazo wa MPa 185. Ukuta wa 4 una MPa 253, juu ya kikomo. Anayejumlisha kienyeji angepata 158 na kuipitisha.

Maneno machache kuhusu kipimo chenyewe. Hatua za kwanza kabisa za mgandamizo zina d ndogo sana, na kosa la nusu milimita hapo linapotosha d/P vibaya, kwa hiyo usiupe mwanzo uzito mkubwa. Nukta za juu zikianza kupinda kutoka kwenye mstari, simama: ama pini zina msuguano na zinakwama, ama chuma kinakaribia kikomo. Kwa nguzo yenye mzigo wa ubavuni hatupendi kupita 0.4 ya Pe wakati wa kupima, na hapa tuliishia 70 kN kwa sababu hiyo. Weka pia vizuizi vya pembeni vilivyoachwa pengo dogo, na mtu asisimame upande ambao nguzo inaelekea.

Dalili ya nne: namba ya mstari inazidi ya uzi

Hii ni ile hali tuliyoiachilia hapo juu. Visababishi viwili havina dawa moja, basi vitenganishe kwa jicho. Ondoa mizigo yote na uvute uzi. Kibiongo cha asili utakiona kama pengo katikati. Kibiongo cha milimita 5 katika mita 5 ni cha kawaida kwa chuma cha kiwandani, na kwa 90 kN kinaongeza 0.75 kNm, sawa na MPa 13. Si kitu cha kutisha peke yake.

Mgandamizo kukaa pembeni ndio unaouma. Ikiwa mzigo umeketi milimita 20 nje ya katikati, juu na chini, upande uleule, unaleta momenti ya 1.8 kNm kwenye ncha, na pale kati inakuzwa hadi 3.28. Hizo ni MPa 57 za ziada. Nguzo yetu ya ukuta wa 5, iliyokuwa na 185, sasa ina 242 na imepita kikomo kwa sababu tu bamba la kuketia lilichomelewa likiwa limeegemea upande. Angalia alama za msuguano au za kubonyea kwenye bamba: zikijaa ukingo mmoja na kuacha mwingine safi, umempata. Dawa ni kuweka kipande chembamba cha chuma katikati ya bamba ili mzigo ulazimike kupita hapo.

Na hapa kuna hila halali. Ikiwa msukumo wa ubavuni huja upande mmoja tu siku zote, kama wa udongo, kuusogeza mgandamizo kwa makusudi kunaweza kusaidia badala ya kudhuru, mradi usogezwe upande ambao momenti yake inapingana na ile ya msukumo. Kwa upepo hila hiyo haifai, maana upepo hugeuka.

Dalili ya tano: programu inatoa 4.69 kNm hata uongeze mgandamizo vipi

Programu inafanya uchanganuzi wa mstari. Inaandika usawa wa nguvu kwenye nguzo iliyonyooka, isiyojua kwamba imepinda. Washa uchanganuzi wa daraja la pili, ule unaoandika usawa kwenye nguzo iliyokwisha kupinda, kisha uigawe nguzo katika vipande visivyopungua vinne. Kuwasha peke yake hakutoshi kila mahali: programu nyingine zinafuatilia kusogea kwa ncha za kipande tu, na nguzo yetu ncha zake hazisogei. Ukiiacha kipande kimoja, zitaendelea kukupa 4.69 huku zikionyesha kwamba daraja la pili limewashwa. Jaribio la dakika mbili ni kuingiza nguzo ya mfano huu na kuona kama kwa 90 kN inatoa karibu 7.87.

Kosa la kinyume lipo pia. Programu imeshakuza momenti, halafu mtu anaichukua na kuizidisha tena kwa kizidishi cha kanuni ya usanifu. Nguzo inatoka nene bila sababu. Halileti ajali, linaleta gharama tu.

Programu ikikataa kufikia jibu, au kizidishi cha mkononi kikitoka hasi, usitafute hitilafu ya kompyuta. P imepita Pe. Kuna wanaoondoa alama ya hasi na kuendelea na kazi. Namba wanayoibeba haina maana yoyote.

Dalili ya sita: nguzo inatoka nene mno kwa kila hesabu

Mara nyingi Pe imechukuliwa kwenye mhimili usiohusika. Kizidishi kinatumia ukakamavu wa upande ambao mzigo wa ubavuni unapindia. Mhimili dhaifu unahakikiwa kando, kwa kujikunja kwake peke yake. Kwenye bomba la mraba kosa hili halijionyeshi. Kwenye chuma cha umbo la I linabadilisha jibu lote.

Sababu nyingine ni momenti za ncha. Kama hakuna mzigo ubavuni na momenti mbili za ncha zinaipinda nguzo kwa umbo la S, kukuza kwa kizidishi kizima ni kupita kiasi, na kanuni ya Marekani ya AISC 360 inaruhusu kukipunguza. Nayo kanuni ya Ulaya, EN 1993-1-1, kwa uchanganuzi wa unyumbufu inaruhusu kuacha athari hizi kwenye uchanganuzi wa muundo mzima pale mzigo wa kujikunja unapokuwa angalau mara 10 ya uliopo. Kizidishi hapo ni 1.11, na kuendelea kukikimbiza ni kupoteza karatasi.

Ukishajua kosa, badilisha nini

Cha kwanza si kununua chuma chenye nguvu zaidi. Chuma cha kikomo cha MPa 355 kina moduli ileile ya Young, kwa hiyo Pe inabaki 226. Katika mfano wetu wenye mzigo wa ubavuni uleule, kikomo kinapanda kwa asilimia 51, lakini mgandamizo unaobebeka unapanda kutoka 118 kN hadi 157 tu, asilimia 33, na mpindo unakuwa mkubwa wa kutia wasiwasi, karibu milimita 70.

Kunenepesha ukuta kunasaidia kidogo. Ukuta wa milimita 6 unaongeza chuma kwa asilimia 19 na Pe kwa asilimia 16. Kupanua bomba ni habari nyingine: milimita 120 kwa 120 yenye ukuta uleule wa 5 inaongeza chuma kwa asilimia 21, na Pe inaruka kutoka 226 hadi 401 kN. Kwa uzito unaokaribiana, umenunua zaidi ya mara nne ya faida.

Bora kuliko yote, pale nafasi inaporuhusu, ni kiegemeo katikati ya urefu kinachozuia nguzo kwenda upande wa msukumo. Pe inapanda mara nne hadi 905 kN, na momenti kubwa ya mzigo wa ubavuni inashuka kutoka 4.69 hadi 1.17 kNm, sasa ikiwa pale kwenye kiegemeo. Hakikisha tu kwamba kiegemeo kimefungwa kwenye kitu kisichosogea. Kikifungwa kwenye nguzo jirani inayosukumwa na upepo uleule kuelekea upande uleule, nguzo zote mbili zitakwenda pamoja, na geji itakuonyesha milimita 35 zilezile.